Saa zako zinakwenda wapi? Maneno kwa mama anayerudi kazini

Assalaamu alaykum, mama zangu na dada zangu, na nyinyi waume mlioketi nyuma karibu na mlango. Waliokosa nafasi ukumbini siku ile wamenitaka niyaandike niliyosema. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na yale niliyoyapitia mbio kwa sababu adhana ya Magharibi ilikuwa karibu nimeyaeleza zaidi.

Nimefanya kazi ya utumishi katika hoteli za ukanda wa mashariki kwa miaka mingi. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea barua za likizo ya uzazi, na mimi ndiye niliyekuwa nikizipokea barua za kuacha kazi zilizofuata miezi miwili baadaye. Nyingi katika hizo za pili zilikuwa na sentensi moja tu: "sababu za kifamilia". Nami nilijua, kwa sababu barua yangu ya mwanzo ya kuacha kazi niliiandika hivyo hivyo. Nilirudi siku ya tisini na moja nikakuta nimepangwa zamu ya mchana, ile inayokwisha saa tano za usiku. Mtoto alikuwa Mwanakwerekwe kwa mama yangu, mimi niko pwani maziwa yanatoka hadi yanarowesha sare. Sikusema neno. Wiki ya tatu nikaacha. Baada ya muda meneja wangu wa wakati ule aliniambia kuwa angenibadilishia zamu lau ningemwambia kabla ya ratiba kutoka. Ratiba ya mwezi hupangwa kiasi cha tarehe 20 hadi 25 ya mwezi uliopita. Mimi nilirudi tarehe 2, ratiba imeshabandikwa, na kila aliyemo ndani yake ameshapanga maisha yake.

Basi nitazungumza zaidi juu ya jambo moja, kuomba mabadiliko ya saa. Nalianza na sheria, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa kabla hawajafika popote.

Kazi na ajira si jambo la Muungano. Zanzibar tuna sheria yetu, Sheria ya Ajira Nambari 11 ya mwaka 2005. Bara wana yao, ya mwaka 2004. Ukitafuta kwenye simu habari ya likizo ya uzazi Tanzania, aghlabu utaletewa ya Bara. Utaijua kwa hesabu ya siku: ukiona 84, umo katika sheria ya Bara. Yetu sisi ni siku 90 kwa malipo kamili, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Zile saa mbili za kunyonyesha zinazosambazwa kwenye makundi ya simu nazo zimetoka katika sheria ya Bara. Nimemwona dada ameingia ofisini na karatasi aliyoichapisha, anamwekea meneja kifungu mezani, na meneja, ambaye ana mwanasheria wake, anamwambia kwa upole kuwa kifungu hicho hakihusu kisiwa hiki. Kuanzia hapo hata lile alilokuwa na haki nalo likasikilizwa kwa sikio moja. Ichukueni sheria ya huku, muisome wenyewe, na palipo na kizungumkuti nendeni Kamisheni ya Kazi mkaulize kabla ya kumwendea mwajiri.

Na kabla hujaenda likizo, itazame tarehe ya mwisho ya mkataba wako. Mikataba mingi ya hoteli ni ya mwaka mmoja mmoja. Ikiwa mkataba unamalizika siku ya hamsini ya likizo yako, suala lako si saa tena, ni mkataba mpya, na hilo linazungumzwa ungali na tumbo, si baada ya arubaini.

Sasa nawapa mfano wa dada mmoja aliyenijia, mkaazi wa Fuoni, mtu wa rizavesheni katika hoteli ya Kiwengwa. Alikuja siku ya hamsini na tano ya likizo, mtoto mgongoni kwa mama mkwe, na ombi lake alikuwa ameshaliandika: apunguziwe saa mbili kila siku. Mshahara wake, kwa mfano wetu, tuuweke shilingi 600,000. Mkataba wake ulikuwa saa 7 za kazi kwa siku, siku 6, jumla saa 42 kwa wiki.

Nikamwambia, "Mwanangu, kabla hatujaomba, hebu nihesabie siku yako. Unatoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

Zamu yake ilianza saa moja asubuhi. Gari la wafanyakazi lilipita Mwanakwerekwe saa kumi na moja na nusu. Kazi ilikwisha saa tisa, gari likaondoka saa tisa na nusu, akafika kwake saa kumi na moja jioni. Tukaandika nyuma ya bahasha: mbali na mtoto saa 12. Katika hizo, kazi saa 7, mapumziko ya chakula saa 1, na saa 4 zimekwenda katika kusafiri na kungojea gari.

Akaitazama ile bahasha kimya. Kwa sababu lile ombi lake la saa mbili, hata lingekubaliwa lote, lisingemfikisha nyumbani mapema kwa dakika moja. Angemaliza saa saba, kisha angekaa chini ya mnazi kungojea gari la saa tisa na nusu, au angepanda daladala mbili kwa pesa yake. Na mshahara ungekuwa umekatwa: saa 5 badala ya 7 ni sehemu tano kwa saba, yaani kama shilingi 428,000 badala ya 600,000. Na mchango wa ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, unakatwa kwa asilimia ya mshahara, kwa hivyo nao ungeshuka. Angelipa vyote hivyo na mtoto asingepata kitu.

Hili ndilo ninalotaka mlichukue leo. Wengi wetu tunaomba kupunguziwa kazi, wakati kinachotutenga na mtoto si kazi peke yake. Ni barabara, ni gari, ni mahali tunapotakiwa tukae. Ukishaandika siku yako yote kuanzia mlangoni hadi mlangoni, utaona ni kipande kipi cha kuombea, na mara nyingi ni kipande kisichomgharimu mwajiri kitu.

Tukaanza upya. Kazi ya rizavesheni ni barua pepe, simu, na mfumo wa vyumba kwenye kompyuta. Hoteli ile ilikuwa na ofisi ndogo mjini, watu wa mauzo wakiitumia. Pale mjini angeanza saa mbili na kumaliza saa kumi, na kutoka Fuoni angeondoka saa moja na robo na kurudi saa kumi na robo tatu. Hiyo ni saa tisa na nusu badala ya kumi na mbili. Akaomba siku mbili kwa wiki.

Kisha nikamuuliza likizo yake ya mwaka. Alikuwa amebakisha siku 12. Alikusudia kuziunganisha na likizo ya uzazi, arudi wiki mbili baadaye. Si vibaya, lakini wiki mbili zikisha zimekwisha. Tukazigawa: siku moja kila wiki, kwa wiki 12. Maana yake atafanya kazi siku 5 kwa wiki badala ya 6, kwa mshahara kamili, kwa karibu miezi mitatu. Hapa mwajiri lazima akubali, kwa sababu likizo ya mwaka kwa kawaida huchukuliwa kwa mkupuo. Lakini mwajiri hugharimika kidogo sana, siku hizo tayari anadaiwa. Laiti zingekuwa hazijabaki, njia nyingine ilikuwa siku 5 bila malipo ya siku ya sita: saa 35 kwa 42, shilingi 500,000. Hiyo ni hasara inayojulikana, na mtu anaweza kukaa na mumewe wakaiamua.

Siku tatu zilizobaki akaomba zamu ya asubuhi tu, pale pale Kiwengwa, na nafasi mbili za dakika 25 za kukamua maziwa, saa nne na saa saba na nusu.

Jumlisheni. Zamani wiki yake ilikuwa siku sita za saa 12, yaani saa 72 mbali na mtoto. Sasa ni siku mbili za saa tisa na nusu na siku tatu za saa 12: saa 55. Amepata saa 17 kila wiki, na mshahara haujaguswa hata senti. Na wiki 12 baada ya siku 90 zinampeleka kwenye siku ya 174, karibu kabisa na ile miezi sita ambayo mtoto hutakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Nawasomea, na jina nimelitoa:

"KUH: OMBI LA MPANGO WA MUDA WA SAA ZA KAZI BAADA YA LIKIZO YA UZAZI. Likizo yangu inamalizika tarehe iliyotajwa hapo juu. Naomba kwa wiki 12 tu: (a) siku mbili, Jumatatu na Jumatano, nifanye kazi katika ofisi ya mjini, saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, (b) siku tatu nifanye hotelini kwa zamu ya asubuhi, (c) siku moja kila wiki nikatiwe katika siku 12 za likizo yangu ya mwaka. Siku nitakapokuwa mjini, maombi ya wageni walioko hotelini yatapokelewa na mapokezi, nami nitayajibu ndani ya saa moja. Pakiwa na kundi kubwa, siku ya mjini inaweza kuhamishwa nikijulishwa siku moja kabla. Naomba tukutane baada ya wiki ya nne kuangalia mpango unavyokwenda. Wiki ya 13 nitarudi katika ratiba ya kawaida."

Tazameni yaliyomo. Kuna mwisho, wiki 12, kwa sababu meneja anaogopa jambo lisilo na mwisho kuliko anavyoogopa jambo zito. Kuna jibu la swali atakalouliza kwanza, nani atapokea simu. Na hakuna neno hata moja la kuomba huruma. Haelezi uchovu wake wala mtoto anavyolia usiku. Hayo ni kweli, lakini meneja hawezi kuyapangia ratiba.

Aliipeleka siku ya sitini, ratiba ya mwezi wa kurudi ikiwa bado haijaandikwa. Alichukua nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa akarudi nayo nyumbani. Meneja alikataa kitu kimoja, Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ya ripoti ya wiki. Wakaifanya Jumanne. Jibu akalitaka kwa maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mapatano ya mdomo ni hivyo hivyo, hasa kwenye hoteli ambako mameneja hubadilika kama upepo wa kusi na kaskazi. Na kweli, wiki ya saba alikuja meneja mpya, akamuuliza mbona leo uko mjini. Akamtumia picha ya barua yenye saini. Hapakuwa na mazungumzo ya pili.

Na msimu nao utazameni. Ombi kama hili linakubalika kwa wepesi Aprili na Mei, masika, vyumba vitupu. Likianguka Julai au Agosti, au mwisho wa Disemba, jiandae kupewa nusu yake. Omba basi ile nusu iliyo muhimu zaidi kwako, na uijue mapema ni ipi.

Juu ya maziwa niseme machache, maana nimeona watu wakishindwa hapo baada ya kupata kila kitu kingine. Anza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi, mara moja kwa siku, uzoee na uwe na akiba. Mtoto azoezwe kunywa kwa kikombe, na asizoezwe na wewe, azoezwe na bibi yake, kwa sababu akikusikia harufu atataka titi. Maziwa yaliyokamuliwa huhesabiwa kukaa saa nne nje ya friji, lakini hesabu hiyo ni ya chumba cha nyuzi 25. Kaskazi ya Februari ndani ya chumba kisicho na feni si nyuzi 25. Kwa hivyo nenda na kasha dogo la barafu, humo yatakaa hadi saa 24, na ukifika nyumbani yaingie friji, yatumike ndani ya siku nne. Jiko la hoteli huenda likakataa kuyaweka kwenye friji la chakula cha wageni, wana taratibu zao za usafi. Omba friji la ofisi au la chumba cha huduma ya kwanza, na uombe na ufunguo, maana nimewaona wanaokamua chooni. Chooni si mahali pa kuandalia chakula cha mtoto. Ukiruka nafasi za kukamua kwa kuona haya, titi litakwambia: linajaa, linakuwa gumu, linapata moto na wekundu, na homa ikija nenda hospitali siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache maziwa yenyewe yanapungua, na hapo watu husema "maziwa yangu yalikauka kwa ajili ya kazi". Yalikauka kwa kutokamuliwa.

Haya, na ujuzi. Kwa aliyekuwa nje siku 90, kilichobadilika si kazi, ni orodha. Bei za msimu mpya, tarehe zilizofungwa kuuzwa, mawakala walioongezwa na walioondolewa. Yule dada alimuomba aliyemshikia nafasi amwekee daftari moja, kila lililobadilika liandikwe tarehe, na siku yake ya mwanzo alilisoma hilo kabla ya kugusa simu.

Kwa aliyekaa miaka mitatu minne ni habari nyingine, na najua mko wengi humu. Hapo usiniambie umesahau. Niambie umesahau nini. Karani wa hesabu aliyeacha mwaka 2021 aliiacha ZRB, bodi ya mapato ya Zanzibar, na sasa ni ZRA, mamlaka ya mapato, na risiti za kielektroniki zimeshakuwa ndiyo njia. Huyo ana kitu kimoja chenye jina cha kwenda kujifunza, na anaweza kujifunza dukani kwa kaka yake kwa wiki moja, akikaa karibu na anayetoa risiti. Baada ya hapo, mwenye kumhoji akimuuliza, atajibu kama mtu aliyeishika kwa mkono.

Kwa wa rizavesheni, niliwapa wote jaribio moja, na liliwashinda wengi. Mke na mume wanaingia tarehe 29 Juni, wanatoka tarehe 3 Julai. Bei ya chumba ni dola 90 kwa usiku hadi mwisho wa Juni, na dola 140 kuanzia tarehe 1 Julai. Watalipa kiasi gani? Aliyekaa nje muda mrefu huhesabu siku, anapata tano. Lakini tunauza usiku: 29, 30, 1 na 2. Usiku nne, kwani siku ya kutoka hailaliwi. Kisha mwingine huchukua bei ya siku ya kuingia akaizidisha kwa nne, dola 360. Jibu ni mbili za 90 na mbili za 140, dola 460. Dola mia moja zimepotea kwa mgeni mmoja. Sikuwa nikitafuta mwenye cheti kipya. Nilikuwa nikimtafuta anayeuliza, kabla ya kuhesabu, "bei inabadilika tarehe ngapi?" Hilo linarudi kwa kufanya hesabu kumi za namna hii mezani jikoni, mtoto akilala.

Na ile miaka iandikeni kwenye wasifu wenu. "2021 hadi 2024: malezi ya watoto nyumbani." Mstari mmoja, bila kujieleza. Nilipokuta pengo lisiloandikwa, niliuliza, na mhojiwa akaanza kubabaika, tukapoteza dakika kumi juu ya jambo lisilo na ubaya wowote. Nilipokuta limeandikwa, nilipita nikaenda kwenye kazi.

Swali la kaka pale nyuma, mke wake akinyimwa kazi yake aliporudi likizo: asisaini karatasi yoyote siku hiyo, hata ikiwa imeandikwa "makubaliano". Achukue mkataba, barua ya likizo na ile nakala yenye muhuri, aende Kamisheni ya Kazi, kwenye kitengo cha usuluhishi wa migogoro. Na asikae nyumbani miezi akitaraji kuitwa, malalamiko yana muda wake.

Mwenye mkataba wake mkononi aje nao. Nipo hapo nje chini ya mwembe mpaka Magharibi, na bahasha tupu ninazo za kutosha.